Njia ya Kupandia: Picha za Simu na Intaneti Inayokabwa Nyumbani

Malalamiko mengi kuhusu intaneti ya nyumbani yana sura moja. Mtu ananunua kifurushi cha megabiti 20 au 30 kwa sekunde, anakifurahia wiki mbili tatu, kisha zinaanza saa ambazo mtandao "unakufa". Filamu inaganda. Sauti ya aliye upande wa pili inakatikakatika. Ukurasa mwepesi wa benki unazunguka hadi mtumiaji anakata tamaa. Baada ya saa kadhaa kila kitu kinarudi sawa bila mtu yeyote kugusa kitu. Anayelalamika hulaumu kampuni, hulaumu mnara, au hulaumu watoto na michezo yao, na mara nyingi hununua kifurushi kikubwa zaidi. Hali hubaki vilevile, na mwaka unaofuata huwa mbaya kidogo kuliko uliopita.

Sababu za mtandao kuzorota ni nyingi. Hapa inachunguzwa moja tu, ambayo inakua kila mwaka na ambayo aliyeathirika haioni: simu zilizomo ndani ya nyumba ileile zikipandisha picha na video kwenda kuhifadhiwa mbali, kwenye kile kinachoitwa wingu, bila mtu kuziamuru siku hiyo na bila kuonyesha kwamba zinafanya hivyo.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba laini ya intaneti ni njia mbili na si moja. Iko ya kushushia, inayoleta filamu na kurasa, na iko ya kupandia, inayopeleka kila kinachotoka nyumbani. Namba iliyochapishwa kwenye tangazo ni ya kushushia. Ya kupandia huwa ndogo, na kwenye ruta ya 4G udogo wake una sababu ya kimaumbile. Mnara hurusha mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati, wakati kifaa cha mtumiaji kwa kawaida huruhusiwa takriban wati 0.2, naye pengine amekiweka nyuma ya kuta mbili, chini ya bati. Sauti ya mnara inafika nyumbani vizuri, lakini sauti ya nyumba inafika mnarani kwa shida, na inapofika kwa shida kasi hupunguzwa ili isipotee. Isitoshe, baadhi ya mitandao hugawa muda wa masafa ili sehemu kubwa iwe ya kushusha. Mgawanyo huo ulikuwa wa busara enzi za kusoma kurasa na kutazama video, ambapo nyumba ilikuwa mnunuzi wa maudhui. Sasa nyumba imekuwa pia mzalishaji, na mzalishaji mkubwa.

Tuchukue mfano na kuupigia hesabu. Nyumba iko Tabata, Dar es Salaam, ina watu wazima watano na simu tano, runinga janja moja na ruta ya 4G yenye laini yake. Ikipimwa wakati hakuna anayeitumia, inashusha megabiti 28 kwa sekunde na kupandisha megabiti 3. Jioni, mtaa mzima ukiwa hewani, upande wa kupandia unashuka hadi megabiti 1.2. Jumamosi kuna send-off ya binti wa ndugu, na familia yote inakwenda.

Binti wa nyumba ndiye mpiga video. Anarekodi dakika 40 kwa ubora wa 1080p, ambao kwa mfumo wa kawaida wa H.264 hula takriban MB 130 kwa dakika, na anapiga picha 300 za MB 4 kila moja. Hapo ana MB 6,400. Kaka yake ana simu nzuri zaidi na ameiacha kwenye 4K, ambako dakika moja kwa mfumo huohuo ni karibu MB 350. Dakika zake 10 na picha 100 zinafanya MB 3,900. Mama ana dakika 12 na picha 150, jumla MB 2,160. Baba amepiga picha 40 tu, MB 160. Wa tano hakupiga chochote. Jumla ya kile familia ilichokirekodi kwa mikono yake ni kama GB 12.6.

Halafu linakuja kundi la WhatsApp la kamati. Humo zinamiminika picha 200 zilizobanwa na vipande 30 vya video, tuseme MB 350 kwa jumla. Ni mzigo mdogo, lakini unatua kwenye simu tano, na kila simu inahesabu kwamba mzigo huo ni wake. Kwa mtazamo wa hifadhi ya mbali, akaunti tano ni maghala matano yasiyojuana, kwa hiyo video moja ya keki inatoka nyumba moja mara tano. Mahali ambapo mtu ameiruhusu programu ya picha kuhifadhi pia folda ya WhatsApp, huku WhatsApp yenyewe ikitengeneza nakala rudufu yenye video ndani yake, kipande kilekile kinatoka mara mbili kwenye simu moja. Kwa hesabu ya chini, ya mara moja kwa kila simu, tunaongeza GB 1.75 na kufika zaidi kidogo ya GB 14.

Familia inarudi saa saba usiku. Simu zinachomekwa kwenye chaji na zinakamata waifai. Waifai ndiyo sharti ambalo programu nyingi za kuhifadhi picha hulisubiri, na kazi inaanza. Megabiti 3 kwa sekunde ni sawa na takriban GB 1.3 kwa saa ukitoa gharama za ufungashaji wa data. Hadi saa moja asubuhi zimepanda kama GB 7.7. Simu zinakwenda kanisani pamoja na wenyewe, zinarudi saa kumi jioni, na zikirudi zinaendelea pale zilipoachia. Sasa njia imebanwa, na kwa saa moja inapita nusu gigabaiti tu. Inapofika saa mbili usiku wa Jumapili, wakati baba anapiga simu ya video kwa mdogo wake aliyeko Maskati na runinga ikionyesha filamu sebuleni, bado zimebaki zaidi ya GB 4 za kupandishwa. Kwa kasi hiyo ya jioni zitahitaji saa tisa. Hakuna hata mmoja wa watu watano ambaye kioo cha simu yake kinaonyesha kwamba kuna kazi inafanyika.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba hakuna la ajabu: njia ni ndogo, mzigo ni mkubwa, kila mtu atapata kidogo. Lakini ingekuwa hivyo, athari ingekuwa ndogo pia. Mazungumzo ya sauti peke yake hayahitaji hata sehemu ya kumi ya megabiti kwa sekunde. Filamu haipandishi chochote cha maana, inashusha, na njia ya kushushia iko tupu. Kwa hesabu ya kugawana, sauti ya baba ingepaswa kupita na filamu isingepaswa kuguswa. Zote mbili zinavunjika. Kwa hiyo kuna kitu kingine, nacho ni foleni.

Data hutoka nyumbani vipande vipande, na vipande vinapofika kwenye modemu haraka kuliko inavyoweza kuvirusha, husubiri ndani ya kumbukumbu yake kwa mstari mmoja, wa kwanza kuja akiwa wa kwanza kutoka. Simu inayopandisha video haijui kasi ya njia ni kiasi gani. Inaikisia. Kanuni ya kukisia inatokana na kazi ya Van Jacobson, aliyeichapisha mwaka 1988 baada ya tukio la Oktoba 1986, ambapo kiungo kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu jirani kiliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Kanuni inasema: ongeza mwendo kidogokidogo, na kipande kikipotea, punguza. Kupotea kwa kipande ndiyo habari kwamba njia imejaa. Matoleo yaliyofuata yamebadilisha namna ya kuongeza na kupunguza, lakini mengi bado yanasubiri ishara hiyo.

Kumbukumbu ikawa rahisi, na watengenezaji wakaweka nyingi, kwa nia njema ya kutopoteza kipande hata kimoja. Matokeo yake ni kwamba ishara inachelewa kufika. Simu inaendelea kuongeza mwendo, vipande havipotei, vinarundikana tu. Modemu yenye nafasi ya KB 512 za kusubiria, ikijaa kabisa kwenye njia ya megabiti 3, inahitaji sekunde 1.4 kujimwaga. Kwenye njia ya jioni ya megabiti 1.2 inahitaji sekunde 3.5. Na kwa kuwa simu zinazopandisha hazichoki, foleni haiishi: ikipungua kidogo inajazwa tena. Kila kipande kipya kinachotoka nyumbani, kiwe cha nani na cha kazi gani, kinaingia nyuma ya sekunde hizo tatu na nusu.

Sauti ya baba ni mojawapo ya vipande hivyo. Mapendekezo ya shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, yanataka ucheleweshaji wa mazungumzo wa upande mmoja uwe chini ya milisekunde 150, na yanaweka milisekunde 400 kuwa ukomo wa kupanga mtandao. Hapa tuna 3,500 kabla sauti haijatoka Tabata. Mdogo mtu aliyeko Maskati anasikika vizuri, kwa sababu sauti yake inashuka. Yeye ndiye asiyesikia. Dalili hiyo ya upande mmoja, "mimi nakusikia, wewe hunisikii", inastahili kukumbukwa, kwa sababu mara nyingi huelekeza kwenye njia ya kupandia.

Filamu ina maelezo magumu kidogo, na ndiyo sehemu inayowapoteza hata mafundi. Anayepokea data hutuma risiti. Seva inayoleta filamu hairushi faili lote kwa mkupuo. Inarusha kiasi fulani, kisha inangoja risiti ndipo iendelee. Risiti zenyewe ni vijikaratasi, za baiti chache, lakini zinapanda kwa njia ileile iliyojaa picha za send-off, na zinapanga foleni ileile. Seva ikiwa imekubali kuacha MB 1 njiani bila risiti, na risiti ikichukua sekunde 3.5 kurudi, basi haiwezi kuleta zaidi ya MB 1 kila sekunde 3.5, yaani kama megabiti 2.4 kwa sekunde. Njia ya kushushia ya megabiti 28 ipo, ni nzima, haina mtu, na inatumika chini ya sehemu ya kumi. Hata bila foleni risiti zina bei: kushusha kwa megabiti 20 kwa sekunde huzalisha risiti zipatazo 800 kila sekunde, ambazo zinahitaji karibu megabiti 0.4 za kupandia. Hiyo ni theluthi ya njia ya jioni, kabla ya mtu yeyote kupandisha picha.

Anayefungua ukurasa wa benki anapata adhabu ileile kwa awamu. Swali la kutafuta anwani ya seva linapanga foleni. Likijibiwa, ombi la kufungua mawasiliano linapanga foleni. Kisha makubaliano ya usimbaji, kisha ombi la ukurasa wenyewe. Sekunde tatu na nusu mara nne ni sekunde 14, na programu nyingi hazina subira hiyo.

Tatizo hili linajulikana kwa wataalamu, na lina historia iliyoandikwa. Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa Marekani mwenye uzoefu wa miongo katika fani hii, alikuwa nyumbani kwake akipandisha mafaili makubwa ndipo akaona ucheleweshaji wa zaidi ya sekunde moja kwenye laini ambayo kwa kawaida ilijibu kwa milisekunde chache. Alichimba hadi akapata foleni zilizovimba, na mwaka 2011 yeye na Kathleen Nichols wakachapisha maelezo yake. Mwaka uliofuata Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni ya kuzisimamia foleni hizo, iitwayo CoDel, inayotazama muda ambao kipande kimesubiri badala ya urefu wa mstari. Kuchelewa kukizidi milisekunde 5 kwa muda wa kama milisekunde 100, inaanza kutupa vipande kwa makusudi ili simu ipate ishara mapema. Toleo lake linalotenganisha foleni ya kila mkondo wa data, FQ-CoDel, liliandikwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018. Ugunduzi upo, na dawa ipo. Lakini kwenye ruta ya 4G foleni mbaya mara nyingi imo ndani ya chipu ya redio, chini ya mahali ambapo programu ya ruta inaweza kuifikia.

Inabaki sababu ya pili, isiyohusu foleni bali maana ya neno moja. Programu za kuhifadhi picha zimejengwa juu ya tofauti kati ya mtandao unaolipiwa kwa kipimo na usiolipiwa kwa kipimo. Android huwapa watengenezaji alama ya kuulizia jambo hilo, `NET_CAPABILITY_NOT_METERED`, na programu yenye adabu husubiri jibu liwe ndiyo. Jibu linatoka wapi? Simu ikiwa kwenye data ya laini yake, mtandao huchukuliwa kuwa wa kipimo. Simu ikiwa kwenye waifai, huchukuliwa kuwa wa bure, isipokuwa kifaa kinachogawa kimesema vinginevyo. Simu ya Android inapogawa hotspoti hutuma neno `ANDROID_METERED` kwa anayejiunga, na simu nyingine ya Android inaelewa. Ruta ya kawaida ya 4G haitumi neno hilo. Simu inaona waifai, inahitimisha kwamba nyuma yake kuna waya wa ofisini usio na kikomo, na kumbe nyuma yake kuna laini ya simu kama iliyomo ndani yake yenyewe, yenye bando lenye tarehe ya mwisho.

Dhana hiyo ilitungwa mahali ambapo waifai ilimaanisha waya. Afrika Mashariki, kwa nyumba nyingi, waifai ya kwanza ilikuja juu ya ruta ya laini au MiFi, na dhana haikuwahi kuwa kweli hata siku moja. Kwa nyumba yenye bando la kipimo, zile GB 14 za send-off hazikukaba njia tu. Zilikatwa pia, maana kinachopanda nacho huhesabiwa. Bando la GB 30 lililokusudiwa mwezi mzima limepoteza karibu nusu yake ndani ya siku mbili, bila mtu kutazama hata video moja.

Mwelekeo wa miaka kumi iliyopita unakwenda upande mmoja. Google Photos ilizinduliwa mwaka 2015 ikiahidi hifadhi isiyo na kikomo, bila malipo, kwa picha zilizobanwa, na watu wakazoea kwamba picha inajitunza yenyewe. Juni 1, 2021 ahadi hiyo iliondolewa, na picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15 za akaunti. Ungetarajia mzigo upungue. Kilichotokea ni kwamba mazoea yalibaki, na simu zikaendelea kukumbusha. Nafasi ndani ya simu ikijaa, simu hupendekeza kufuta picha ambazo tayari ziko mbali, na anayekubali mara moja amejifunga kuendelea. Wakati huohuo kamera zimekua. Picha ya megapikseli 2 ya simu za zamani haikufika MB 1. Ya megapikseli 12 ni MB 3 hadi 5. Na video, ambayo ndiyo mzigo halisi, imepanda kutoka 1080p kwenda 4K hata kwenye simu za watu wasio na runinga ya kuionyesha. Njia ya kupandia haijakua kwa uwiano huo.

Hapa kuna kinaya kidogo. Katika nyumba nyingi, kitu pekee kinachoilinda njia ya kupandia ni akaunti iliyojaa. GB 15 za Google zikiisha, au zile GB 5 za bure za iCloud, upandishaji unasimama wenyewe na intaneti ya jioni inapona, bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili. Siku mtoto aliye kazini anapomlipia mama yake GB 100 kama zawadi, breki inaondolewa. Picha za miaka mitatu zilizokuwa zikisubiri zinaanza safari kwa pamoja.

Uchunguzi wenyewe si mgumu, ila unahitaji kufanyika wakati tatizo lipo, si baadaye. Kwenye kompyuta ya Windows iliyounganishwa na ruta, amri hii hupima muda wa kwenda na kurudi mara 60:

```
ping -n 60 8.8.8.8
```

Nyumba isiyo na mzigo itaonyesha makumi ya milisekunde, pengine 100 kwenye 4G dhaifu. Ikionyesha 1,000 au zaidi huku hakuna anayepakua chochote, zimwe waifai kwenye simu moja baada ya nyingine na namba ziangaliwe. Simu ambayo kuzimwa kwake kunarudisha namba chini ndani ya sekunde chache ndiyo inayopandisha. Zikiwa kadhaa, namba itashuka tu inapozimwa ya mwisho. Kwenye Android, orodha ya matumizi ya data ya waifai kwa kila programu huthibitisha, kwa sababu hutenganisha matumizi ya mbele na ya nyuma ya pazia. Kwenye iPhone hesabu ya programu moja moja inahusu data ya laini tu, si ya waifai, hivyo ushahidi utatoka kwenye jaribio la kuzima. Tovuti ya Fast.com, kwa anayebonyeza kuona maelezo zaidi, huonyesha ucheleweshaji njia ikiwa tupu na ikiwa na mzigo. Tofauti kati ya namba hizo mbili inaeleza ubora wa jioni kuliko kasi yenyewe.

Kinachoweza kufanywa kina mipaka. Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya waifai husika, sehemu ya `Network usage` ina chaguo la `Treat as metered`. Kwenye iPhone, tangu iOS 13 ya mwaka 2019, kila waifai ina `Low Data Mode`, ambayo pamoja na mambo mengine husimamisha iCloud Photos. Hatua hizi zinairudishia simu ukweli ambao ruta haikuutaja. Lakini zinawekwa simu kwa simu, zinasimamisha pia masasisho ya programu, na zinaacha picha bila nakala. Anayeibiwa simu wiki hiyo hatazirudisha. Kupunguza ubora wa video kutoka 4K hadi 1080p kunaondoa zaidi ya nusu ya mzigo wa kaka katika mfano wetu, bila kugusa usalama wa chochote.

Kwa mwenye ruta inayokubali OpenWrt, mstari mmoja hufanya kazi kubwa kuliko kifurushi kipya:

```
tc qdisc replace dev wwan0 root cake bandwidth 1000kbit
```

Unaiambia ruta irushe kilobiti 1,000 kwa sekunde, chini kidogo ya kasi halisi ya jioni, ili foleni ijengeke kwenye ruta inakoweza kusimamiwa na si kwenye chipu ya redio. Sauti ya baba inapewa mstari wake na kupita. Jina `wwan0` hutofautiana kwa kila kifaa. Udhaifu ni kwamba kasi ya 4G haitulii. Ikishuka hadi kilobiti 700, foleni inahamia tena chini ya redio. Usiku ikipanda hadi megabiti 3, theluthi mbili zinapotea bure.

Suluhisho lililo mahali pake lingekuwa ndani ya programu yenyewe. Mbinu ya kupandisha kwa unyenyekevu, inayopima ucheleweshaji na kurudi nyuma mara tu inapohisi kwamba mwingine anahitaji njia, iliandikwa hadharani mwaka 2012 kama RFC 6817, na imetumika kwa miaka kwenye programu za kugawana mafaili. Dropbox na OneDrive za kompyuta zina sehemu ya kuwekea kikomo cha kasi ya kupandisha. Google Photos na iCloud Photos za simu, ambazo ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa familia, hazimpi mtumiaji kikomo cha namna hiyo kwenye waifai. Zina kuwasha na kuzima tu. Kwa kampuni inayohifadhi, kupandisha kwa haraka ni huduma nzuri. Hasara inatua kwa mtu mwingine, kwenye kifaa kingine, ndani ya nyumba ileile, na haimo kwenye takwimu zake.

Kwa hiyo familia ya Tabata itafanya kinachofanywa na wengi. Itapiga simu huduma kwa wateja Jumatatu. Fundi atafika Jumanne mchana, picha zote zikiwa zimeshapanda na simu zikiwa kazini na wenyewe. Atapima kasi ya kushusha, atakuta megabiti 28, na ataandika kwenye fomu kwamba laini ni nzima. Atakuwa ameandika kweli.